σ, s, 5 au 6? Kusoma picha ya hesabu ya takwimu kabla hujagusa kalkuleta

Ukifanya kazi ya kuchapa ripoti za wanafunzi hapa Tanga, nusu ya hesabu unazoletewa haziko kwenye karatasi. Ziko kwenye WhatsApp: ukurasa wa daftari uliopigwa picha jioni, taa nyuma ya mpigaji, kivuli cha simu katikati. Namba kwa kawaida zinasomeka. Kinachokwamisha ni alama, hasa x̄ ya wastani, σ na s za mtawanyiko, na zile tarakimu zinazojifanya alama, yaani 5, 6 na 0. Ukikosea kusoma moja kati ya hizo, kalkuleta haitakukatalia. Itakupa jibu zuri lenye desimali mbili, nalo si jibu la yule aliyeandika.

Hapa nazilinganisha alama hizo mbili mbili, kwa ajili ya mtu aliye na picha mkononi na anatakiwa kuamua. Kuamua kunafanyika kwa njia tatu. Ya kwanza ni kutazama umbo la alama. Ya pili ni kutazama jirani zake, maana yake kilichoandikwa kabla na baada yake. Ya tatu ni kuzijaribu namba zilizomo kwenye ukurasa wenyewe. Wengi wanaanza na umbo na wanaishia hapo hapo. Mimi naanza na namba, na mfano ufuatao utaonyesha sababu.

Ukurasa wenyewe

Mwanafunzi wa chuo alipima uzito wa machungwa 8 ya Muheza aliyoyanunua soko la Mgandini. Alitaka kueleza uzito wa wastani na jinsi machungwa yanavyotofautiana. Uzito kwa gramu ulikuwa 182, 195, 176, 201, 188, 210, 179 na 189. Chini ya orodha hiyo picha ilionyesha mistari sita, nami naweka alama ya kuuliza pale nilipokuwa sina uhakika:

Σx = 1520
x(?) = 190
Σx² = 289732
(?) = 11.54
(?)/√8 = 4.08
190 − 2(?) = …

Jibu la mstari wa mwisho lilikuwa limemezwa na kivuli. Alama ya mstari wa nne ilikuwa duara dogo lenye mkia juu, na ile ya mstari wa sita ilikuwa kama 6 iliyolegea. Kwa jicho tupu ungesema bila kusita: mstari wa nne ni σ, na wa sita ni 190 toa 26.

σ na s: tofauti iko kwenye kugawanya

Kwa umbo, σ na s si mapacha. σ ina tumbo lililofungwa na mkia unaolala juu kuelekea kulia. s haina tumbo lililofungwa popote, ni mkunjo unaokwenda huku na kurudi. Katika picha safi ya mwandiko wa kuchapa, mtu hawezi kuzichanganya. Zinachanganyika kwa watu wanaoandika mwandiko wa kuunganisha, ambao s yao hufunga tumbo la chini inapoungana na herufi inayofuata. Zinachanganyika pia picha inapofifia, kwa sababu kitundu kidogo cha ndani ya σ ndicho cha kwanza kujaa wino wa kidijitali.

Lakini hata ukiisoma herufi sawasawa, kazi haijaisha. Herufi hizi mbili zinasimama kwa hesabu mbili tofauti. Zote ni standadi devieshini, kipimo cha jinsi vitu vilivyotawanyika kuzunguka wastani wake. Unachukua kila uzito, unautoa wastani, unapiga tofauti hiyo kipeo cha pili, unajumlisha, unagawanya, kisha unatafuta kipeuo cha pili. Zinaachana kwenye kugawanya tu. σ ni ya kundi zima, na jumla yake hugawanywa kwa n, idadi ya vipimo. s ni ya sampuli, na jumla yake hugawanywa kwa n − 1, kwa sababu wastani wenyewe umetokana na sampuli hiyo hiyo, na vitu huonekana vimekaribiana na wastani wao wenyewe kuliko vilivyo karibu na wastani halisi wa kundi zima.

Machungwa manane ni sampuli. Hakuna aliyepima machungwa yote ya Muheza. Kwa hiyo kinachotarajiwa pale ni s. Hata hivyo, kinachotarajiwa na kilichofanyika vinaweza kuachana, ndiyo maana tunaziuliza namba.

Jumla ya uzito ni 1520, ukigawanya kwa 8 unapata 190. Tofauti za kila chungwa na 190 ni −8, 5, −14, 11, −2, 20, −11 na −1. Ukizipiga kipeo cha pili na kujumlisha unapata 932. Sasa gawanya kwa njia zote mbili:

932 ÷ 8 = 116.5, na kipeuo chake cha pili ni 10.79.
932 ÷ 7 = 133.14, na kipeuo chake cha pili ni 11.54.

Ukurasa umeandika 11.54. Basi hesabu iliyofanyika ni ya s, hata kama umbo linapiga kelele kwamba ni σ. Kwenye Excel ungeona jambo hilo hilo kwa mistari miwili, ya kwanza ikigawanya kwa n na ya pili kwa n − 1:

```
=STDEV.P(A1:A8)
=STDEV.S(A1:A8)
```

Mstari wa tano unasaidia kwa namna nyingine. 4.08 ukiizidisha kwa kipeuo cha pili cha 8, ambacho ni 2.828, inarudi 11.54. Hiyo haikwambii kama herufi ni s au σ. Inakuhakikishia kwamba tarakimu zenyewe umezisoma vizuri, kwamba si 11.34 wala 11.84. Kama ningesoma 10.79 pale juu halafu chini nikakuta 4.08, ningejua nimekosea mstari mmojawapo, kwa sababu 10.79 ingetoa 3.82.

Sasa, kwa nini mtu aandike σ na kukokotoa s? Nilimwuliza. Akanijibu kwa sauti: “Kaka, mimi nimeandika kama ilivyo kwenye kalkuleta.” Naye alikuwa sahihi. Kalkuleta yake ni Casio fx-82MS ya toleo la zamani, na kalkuleta za aina hiyo hazina s kwenye menyu ya takwimu. Zina x̄, halafu xσn, halafu xσn-1. Hiyo ya mwisho ndiyo s, ila imevaa herufi ya σ na kimaandishi kidogo cha n-1 chini yake. Mtu akinakili kwa haraka, kimaandishi kile hubaki kwenye kioo na σ peke yake huingia daftarini. Kwenye fx-991ES PLUS menyu inasema σx na sx, hivyo kosa hili halina njia ya kuingilia. Ninapopata ukurasa wenye σ isiyoeleweka, swali langu la kwanza kwa mwenyewe huwa ni aina ya kalkuleta. Mtu hukumbuka kalkuleta yake haraka kuliko alivyogawanya.

Kama namba hazipo, yaani ukurasa una jibu la mwisho bila orodha ya vipimo, jirani ndio wanaobaki. Tafuta namba inayozidishwa. Mtu aliyeandika 1.96 karibu na alama hiyo anafanya kazi kana kwamba mtawanyiko wa kundi zima unajulikana, na kwa sampuli ndogo hilo linaelekea upande wa σ. Aliyeandika 2.365 akiwa na vipimo 8 ametoka kwenye jedwali la t, safu ya 7, na huyo anatumia s bila shaka. Jirani mwingine ni μ, wastani wa kundi zima. Palipo na μ, maandishi yanazungumzia kundi zima na σ inakaa kwa amani. Palipo na x̄, maandishi yanazungumzia sampuli, na s ndiyo mwenzake wa kawaida. Herufi za Kigiriki kwa kundi zima, za Kilatini kwa sampuli: mazoea haya yameenea vya kutosha kukusaidia kukisia, ila walimu wengi wa sekondari hufundisha σ kwa kila kitu na kugawanya kwa n daima. Ukurasa wa mwanafunzi wa kidato cha sita usiusome kwa macho ya ukurasa wa mtafiti.

Kuna wakati kubishana hakuna faida. Uwiano wa s kwa σ ni kipeuo cha pili cha n/(n − 1). Kwa vipimo 8 ni 1.069, karibu asilimia 7, na inaonekana. Kwa vipimo 30 ni 1.017. Kwa vipimo 100 ni 1.005, nusu ya asilimia, na kama ripoti inaandika desimali moja huenda tofauti isionekane kabisa. Hapo fuata herufi iliyoandikwa na uendelee na kazi.

Na kuna wakati namba zenyewe zinanyamaza. Kama mwanafunzi angeandika “= 11” bila desimali, 10.79 ingekaribiana na 11, na mtu asiyejali kukadiria angeweza kukata 11.54 ikabaki 11 vilevile. Hapo jaribio la namba halikupi uamuzi, na kuchagua kimya kimya ni kumwandikia mtu hesabu ambayo si yake.

x̄ na x: mstari uko wapi, na unaishia wapi

Mstari mdogo juu ya x ndio kitu chembamba kuliko vyote kwenye ukurasa, kwa hiyo ndio wa kwanza kupotea. Hupotea kwa njia mbili zinazopingana. Mtu akipitisha picha kwenye programu ya kuskani na kuchagua nyeusi na nyeupe, mstari uliochorwa kwa kalamu hafifu unafutika. Programu hiyo hiyo inaweza kuikoleza mistari ya daftari, na kila x iliyoandikwa karibu na mstari wa juu ikavaa kofia ambayo hakuna aliyeivisha. Daftari la miraba ndilo baya zaidi, maana lina mistari kila upande. Ndiyo maana naomba picha ya rangi, bila kuskani. Wino wa bluu iliyoiva na mistari ya daftari iliyopauka hutofautiana kwa rangi hata pale vinapofanana kwa unene. Na itumwe kama dokumenti, si kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp inapobana picha hulainisha vitu vyembamba kwanza.

Ukiwa na picha mbaya na mwenyewe hapatikani, fuata mstari kwa kidole. Kama unaendelea kupita x kushoto na kulia hadi ukingoni, ni wa daftari. Kama unaanzia kwenye alama ya kipeuo, ni paa la kipeuo, na x iliyo ndani haina kofia, au inayo na imejificha chini ya paa. Kama una namba juu yake na chini yake, ni mstari wa sehemu. Kofia ya kweli ni fupi, upana wa x yenyewe au zaidi kidogo, na unene wake unalingana na miguu ya x.

Jirani hapa wana nguvu kuliko umbo. Alama ya x inayofuatwa na “= namba moja” chini ya orodha ya vipimo vingi lazima iwe x̄, kwa sababu x bila kofia haina thamani moja; ina thamani nane. Ndiyo maana mstari wa pili wa ukurasa wetu haukunisumbua hata kidogo, ingawa kofia haikuonekana: 1520 ÷ 8 ni 190 na maneno yamekwisha. Kinyume chake, x iliyo peke yake mbele ya Σ haina kofia. Kujumlisha wastani mara nane hakuna anayekuhitaji. Mahali wanapokaa pamoja ni kwenye mabano, Σ(x − x̄)², na pale lazima wa pili awe na kofia. Ukisoma wote bila kofia, mabano yanatoa 0.

Mtego mkubwa wa kofia ni urefu wake, na huu unawakamata hata wazoefu. Kuna njia ya mkato ya kutafuta variansi, yaani standadi devieshini kabla ya kutafuta kipeuo: wastani wa vipeo vya pili, toa kipeo cha pili cha wastani. Katika kipande cha kwanza kofia inafunika x pamoja na ile 2 yake. Katika cha pili kofia inafunika x tu, na 2 iko nje. Kwa machungwa yetu kipande cha kwanza ni 289732 ÷ 8, ambayo ni 36216.5. Cha pili ni 190 × 190, ambayo ni 36100. Tofauti ni 116.5, ile ile tuliyoipata kwa njia ndefu. Kwenye picha, kofia ndefu hukatika ikaonekana fupi, au fupi hurefushwa na ukungu. Ukizisoma zote fupi, au zote ndefu, utapata 0, na ukizigeuza utapata −116.5 na kalkuleta itagoma kutafuta kipeuo. Sifuri au hasi mahali pa variansi ni dalili ya kofia iliyosomwa vibaya kabla ya kuwa dalili ya kitu kingine chochote.

Ndugu wa mtego huo ni Σx² na (Σx)². Mabano yakififia zinakuwa kitu kimoja. Ya kwanza ni 289732. Ya pili ni 1520 × 1520, yaani 2310400. Ukubwa unatofautiana sana, kwa hiyo ukisoma tarakimu nzima hutapotea. Tatizo linakuja pale mtu anapoandika fomula bila kujaza namba. Kama chini yake kuna n, yaani kitu ÷ n kinachotolewa kutoka Σx², basi kilicho juu ni (Σx)². Hapa 2310400 ÷ 8 ni 288800, na 289732 toa 288800 inarudi kwenye 932.

s na 5, σ na 6

Turudi kwenye mstari wa sita, 190 − 2(?), ambao jibu lake limemezwa na kivuli. Huu ndio mstari wa hatari kuliko yote, kwa sababu kila namna ya kuusoma inatoa uzito wa chungwa unaoaminika:

| Ukisoma | Maana yake | Jibu |
|---|---|---|
| 190 − 2s | 190 − 23.08 | 166.92 |
| 190 − 2σ | 190 − 21.59 | 168.41 |
| 190 − 25 | namba tu | 165 |
| 190 − 26 | namba tu | 164 |
| 190 − 20 | namba tu | 170 |

Hakuna hata jibu moja linaloonekana la ajabu. Kama ungekuwa unahesabu umri au bei, huenda kosa lingejitokeza lenyewe, lakini hapa majibu yote matano yako ndani ya gramu sita.

Kwa umbo, dawa ni kumlinganisha mwandishi na mwandishi huyo huyo, usimlinganishe na herufi za kitabuni. Ukurasa umejaa tarakimu zisizo na utata. 6 yake iko kwenye 176, 5 yake iko kwenye 195 na 1520, 0 yake iko kwenye 201, 210 na 190. Kuza picha, weka alama unayoibishania kando ya hizo. 6 ya mwanafunzi huyu ilianza juu, mkia wake ukashuka umeinama kushoto, kisha ukafunga tumbo chini. Alama ya mstari wa sita ilikuwa na mkia uliolala, ukitoka kulia. Mkono uliochora hiyo ulianzia pengine. 5 yake, kwa upande mwingine, ilikuwa na kona kali na kofia iliyochorwa kwa mchoro wa pili, kama watu wengi wanavyoandika. S haina kona na inachorwa kwa mchoro mmoja. Ukiona kaucha keupe kati ya kofia na mwili, hiyo ni 5.

Ukubwa pia husema. 2 na 6 za namba 26 hukaa kwa urefu mmoja na zimebanana. Katika 2σ, σ mara nyingi ni fupi kuliko 2 na ina nafasi ndogo mbele yake, kwa sababu mkono unabadili kazi kutoka tarakimu kwenda herufi. Dalili hii ni dhaifu. Naitumia kuongeza uzito, siamui kwayo.

Jirani ndio walioamua. Kwa nini mtu atoe 26 kutoka kwenye wastani? Hakuna 26 popote kwenye ukurasa, si kwenye vipimo wala kwenye tofauti. Lakini mstari wa juu kidogo una standadi devieshini, na kutoa standadi devieshini mbili kutoka wastani ni hatua ya kawaida kabisa ya kutafuta mpaka wa chini. Namba isiyo na asili kwenye ukurasa huenda si namba. Kanuni hiyo inafanya kazi hata kwa 36, ambayo mara nyingi ni 3σ, na kwa 6² mahali pa variansi, ambayo ni σ².

Basi ni 2σ kwa herufi. Lakini tumekwisha kuona kwamba σ ya mtu huyu ina thamani ya 11.54. Mstari wa sita lazima utumie thamani hiyo hiyo, vinginevyo ukurasa unajipinga. Jibu lililomezwa na kivuli ni 166.92, si 168.41. Hapa mtu aliyesoma herufi vizuri na kuifuata kwa uaminifu angekosea, na aliyeanza na namba angepata.

Wengine wachache

μ na u hutenganishwa na mguu wa kushoto unaoshuka chini ya mstari. Ukikatwa na ukingo wa picha, angalia kama inasimama pamoja na σ. Σ na E hazisumbui sana kwenye takwimu, maana E haina kazi pale ila kwenye hesabu za matarajio, na huko hufuatwa na mabano. n na u za mwandiko wa haraka zinafanana, lakini n huonekana karibu kila mahali chini ya mstari wa sehemu.

Σ na σ zinahitaji tahadhari moja ya ziada, nayo ni pale unapouliza kwa simu. Vijana wote wanaziita sigma. Ukimwuliza, “Hiyo ni sigma eksi?” atakujibu “Ndiyo kaka,” na hujui amekubali Σx au σx. Mimi huuliza, “Ni ile ya kujumlisha au ile ya mtawanyiko?”

Ukishindwa kuchagua

Kwa picha moja ninayoichapa, mpangilio wangu ni huu. Kwanza nakokotoa upya kutoka kwenye vipimo vya mwanzo, bila kutazama alama: n, jumla, wastani, jumla ya vipeo vya pili, na standadi devieshini zote mbili. Kisha nashuka mstari kwa mstari nikitafuta ni ipi kati ya namba hizo inaonekana kwenye ukurasa. Alama zilizobaki bila jibu ndizo ninazozikuza na kuzilinganisha na tarakimu za mwenyewe. Kwa machungwa ya Muheza, alama zote isipokuwa ile ya mstari wa sita ziliamuliwa kabla sijafika kwenye kukuza.

Nikikuta herufi na thamani haviendani, kama hapa, sirekebishi herufi kimya kimya. Nachapa s kwenye jedwali kwa sababu ndiyo hesabu iliyofanyika na ndiyo inayofaa sampuli, halafu namwandikia mwenye ripoti: “Kwenye daftari umeandika σ, lakini 11.54 imegawanywa kwa 7. Nimeweka s. Kama msimamizi wako anataka σ ya kugawanya kwa 8, ni 10.79, na mpaka wa chini unakuwa 168.41.” Hapo ana namba zote mbili mkononi, na msimamizi akimwuliza kwa nini herufi ya ripoti si ile ya daftari, ana la kujibu.

Kama vipimo vya mwanzo havipo kabisa na ukurasa una herufi moja iliyofifia na jibu lililokadiriwa, sikokotoi. Naomba picha nyingine: mchana, daftari limelala bapa, simu juu yake moja kwa moja, flashi imezimwa kwa sababu hung'aa juu ya wino wa kalamu ya jeli. Na naomba ukurasa wa nyuma yake pia, maana orodha ya vipimo mara nyingi iko huko.